Mshale Uliosomwa Kinyume

Barua pepe iliingia usiku, siku mbili kabla ya jaribio. "Shikamoo Profesa, samahani kwa usumbufu," ilianza, kisha zikafuata aya mbili, moja ya Kiingereza na nyingine ya Kiswahili. Ya Kiingereza ilikuwa nadhifu, ila iliomba tu nifafanue slaidi ya 14. Swali lenyewe lilikuwa kwenye aya ya Kiswahili.

"Umeandika kwamba huu ni utegemezi," mwanafunzi aliuliza, "na mshale unatoka kwa mwalimu kwenda kwenye ofisi. Mimi nikimtegemea baba, mshale si unatoka kwangu kwenda kwake? Hapa nani anamtegemea nani? Na mbona kwenye jedwali pande zote mbili zinakubali?"

Slaidi hiyo ilihusu nomalaizesheni, yaani kuyagawa majedwali ya hifadhidata ili kila habari iandikwe mahali pamoja tu. Mwingereza Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Kalifonia, alichapisha mwaka 1970 wazo la kuhifadhi data kwa majedwali yanayohusiana, na mwaka uliofuata akaeleza hatua ya pili na ya tatu ya kuyagawa. Mfano wangu ulikuwa wa hatua ya tatu:

```
somo(msimbo, jina, mwalimu, ofisi)
msimbo → mwalimu
mwalimu → ofisi
```

Ufunguo wa jedwali hili ni msimbo wa somo. Ofisi haihusiani na somo moja kwa moja, inafika pale kwa kupitia mwalimu. Mwalimu M01 akifundisha masomo matatu, ofisi yake B12 inaandikwa mara tatu. Siku akihamia C04 na karani akabadilisha mistari miwili tu, jedwali linakuwa na majibu mawili kwa swali moja, na hakuna anayejua lipi ni kweli. Ndiyo maana tunaihamishia ofisi kwenye jedwali la walimu.

Sasa mshale. Katika taaluma hii hausomwi "anategemea". Unasomwa "anaamua": ukishamjua mwalimu, ofisi yake ni moja tu, huna cha kubahatisha. Anayetegemea ni yule aliye kwenye ncha ya mshale, yaani ofisi. Jina la uhusiano linataja upande wa kulia, mchoro unaanzia kushoto, na mtu anayefikiri kwa neno "kutegemea" lazima asome kinyume. Nimefundisha slaidi hiyo miaka kadhaa bila kuliona jambo hilo, kwa sababu nilikuwa nalifikiria kwa Kiingereza tu.

Kosa hilo lina matokeo. Mwanafunzi alikuwa ameambatisha jibu lake, na ndani yake ofisi ilikuwa ndiyo ufunguo:

```sql
CREATE TABLE ofisi (
  ofisi   VARCHAR(5) PRIMARY KEY,
  mwalimu VARCHAR(5)
);
```

Ingiza B12 na M01, inakubali. Mwalimu M02 akiletwa kukaa chumba hicho hicho, hifadhidata inamkataa, kwa kuwa B12 imeshatumika kama ufunguo. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba amegeuza mshale.

Sehemu ya mwisho ya swali lake ndiyo iliyonigusa zaidi. Slaidi ilikuwa na mistari mitatu, na kila mwalimu alikuwa na chumba chake. Kwa data hiyo, mwalimu anaamua ofisi, na ofisi nayo inaamua mwalimu. Alikuwa sahihi kabisa. Data iliyopo inaweza kukanusha utegemezi, haiwezi kuuthibitisha, kwa sababu utegemezi ni kanuni ya mahali husika: je, chuo kinaruhusu walimu wawili kutumia chumba kimoja? Je, mwalimu anaweza kuwa na vyumba viwili? Majibu hayo yako kwa msimamizi wa majengo, na huko ndiko mbunifu anapaswa kwenda kuuliza kabla ya kuchora mshale wowote.

Kukanusha kunahitaji amri moja:

```sql
SELECT mwalimu FROM somo
GROUP BY mwalimu
HAVING COUNT(DISTINCT ofisi) > 1;
```

Likitokea jina hata moja, ama karani amekosea, ama kanuni uliyoidhania haipo.

Nilimjibu asubuhi: "Marahaba. Jibu lako lina kosa, na kosa limetoka kwenye slaidi yangu. Usiseme anategemea, sema anaamua, kisha tafuta mstari mmoja unaoweza kukukatalia."

Slaidi ya 14 sasa ina mistari minne, na katika ule wa nne, M02 anakaa B12 pamoja na M01.