Kigingi cha fidla kilichokwama

Msimu wa masika Unguja, fidla ya taarabu inaweza kukataa kabisa kutuniwa. Unyevu umeingia kwenye mbao, kigingi kimevimba na kujibana tunduni. Kigingi ni chembamba upande mmoja na kinene upande wa kichwa, kwa hiyo kadiri kinavyosukumwa ndani ndivyo kinavyokaza.

Tuseme ni kigingi cha uzi wa A, kilicho karibu zaidi na kichwa cha fidla. Hapo ndipo ubao hupasuka mara nyingi. Usikizungushe kwa koleo: kichwa kinaweza kukatika, au kuta zikachanika kufuata nyuzi za mbao. Kwanza angalia pembeni mwa tundu kwa tochi. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, acha hapo na umpelekee fundi.

Kama hakuna ufa, iache fidla siku moja au mbili kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mara nyingi hiyo yatosha. Ikishindikana, legeza uzi huo kwa skrubu ndogo ya chini, kama ipo, lakini nyingine ziache zimekaza kiasi ili daraja lisianguke. Kisha egemeza ukuta ulio upande wa kichwa cha kigingi juu ya kipande cha mbao laini chenye mwanya wa kupitisha kigingi. Weka kijiti chembamba kwenye ncha nyembamba ya kigingi, ukigonge taratibu. Bila egemeo hilo, ukuta ndio unaobeba pigo lote.

Mafuta usitie kamwe. Hupenya kwenye mbao na hayatoki. Kigingi kikitoka, kipake sabuni kavu na chaki kidogo.