Sapoti na rizistansi katika chati ya dhahabu

Sapoti na rizistansi ni maeneo ya bei katika chati ambako mwendo wa soko umewahi kusimama na kugeuka zaidi ya mara moja. Sapoti iko chini ya bei ya sasa, na huko bei inayoshuka imezoea kukuta wanunuzi. Rizistansi iko juu yake, na huko bei inayopanda imezoea kukuta wauzaji. Zinaweza kufananishwa na sakafu na dari ya chumba, ingawa sakafu na dari hizi hutobolewa.

Vijana wengi wa Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam hukutana na maneno haya kwenye simu, katika chati iliyoandikwa XAUUSD. Hiyo ni bei ya aunsi moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1 hivi, kwa dola za Marekani. Kila mshumaa wa chati ya siku huonyesha bei ya kufungua, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufunga kwa siku hiyo.

Mfano mzuri wa sapoti ni wa miaka 2011 hadi 2013. Baada ya kufika karibu dola 1,920 mwezi Septemba 2011, dhahabu ilianguka hadi kama 1,530 mwezi huohuo, ikapanda tena. Mwezi Desemba ilishuka hadi karibu 1,520, na Mei 2012 ikarudi katika eneo hilohilo. Mara zote tatu iligeuka na kupanda. Sababu yake ni watu, si mchoro. Aliyeikosa bei hiyo mara ya kwanza huweka oda ya kununua ikirudi, na aliyenunua hapo akapata faida hurudia. Oda hurundikana mahali pamoja.

Tarehe 12 Aprili 2013 bei ilivunja eneo hilo, na siku ya soko iliyofuata, tarehe 15, ikaanguka kwa takriban asilimia 9 hadi karibu 1,350. Anguko lilikuwa kali kwa sababu walionunua wakiitegemea sakafu walikuwa wameweka amri za kuuza chini yake kidogo ili kuzuia hasara. Amri hizo zilipoamka kwa pamoja, ziliongeza wauzaji mahali palipokwisha kukosa wanunuzi. Kwa hiyo sakafu iliyoguswa mara nyingi si lazima iwe imara zaidi. Kila mguso hutumia baadhi ya oda za kununua zilizokuwa zikisubiri.

Rizistansi inaonekana vizuri katika bei ya 2,070. Dhahabu ilifika hapo Agosti 2020, Machi 2022 na Mei 2023, na kila mara ilirudi chini. Chati za madalali hupishana kwa dola kadhaa, kwa hiyo nyingine zinaonyesha kilele cha Mei 2023 karibu na 2,080. Kuiita rizistansi mstari ni kupotosha kidogo. Ni afadhali kuchora ukanda, kwa mfano kutoka 2,065 hadi 2,085, ukiunganisha vilele vya mishumaa ya siku au ya wiki. Chati ya dakika tano huonyesha dari nyingi mno, na karibu zote hazina uzito.

Tarehe 4 Desemba 2023, ikiwa bado ni usiku Afrika Mashariki, bei ilipita ukanda huo ikafika karibu 2,135. Siku hiyohiyo ilifunga karibu 2,030. Huu ulikuwa mvunjo wa uongo. Kwa kawaida loti 0.01 ya XAUUSD ni aunsi moja, hivyo kila dola moja ya mwendo wa bei ni dola moja ya faida au hasara. Mtu aliyenunua loti 0.01 kwa 2,100 alikuwa na hasara ya kama dola 70 siku ilipofunga. Kama akaunti yake ilikuwa na dola 50 tu, dalali angekuwa amekwisha kuifunga biashara hiyo kabla siku haijafunga.

Dalili ya kuangalia ni mahali mshumaa wa siku unapofunga, si mahali utambi wake ulipofika. Tarehe 1 Machi 2024 dhahabu ilifunga karibu 2,083, na siku ya soko iliyofuata ikafunga juu ya 2,110, nje kabisa ya ukanda. Mwezi Aprili ilipita 2,400.

Wanaoanza hufundishwa kwamba dari iliyovunjwa hugeuka sakafu, na bei hurudi kuigusa. Mara nyingi hutokea hivyo, lakini mwaka huo haikutokea: bei ilishuka hadi karibu 2,150 katikati ya Machi, kisha ikaendelea kupanda. Aliyesubiri kununua kwa 2,080 alibaki akisubiri.