Pikipiki Iliyotumika: Isikilize Ikiwa Baridi, Kisha Omba Kadi

Muuzaji akikwambia pikipiki ipo, njoo uione, mwombe jambo moja kabla hujatoka nyumbani: asiiwashe mpaka ufike. Ukifika, sogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, usianze kukagua. Subiri ipoe kabisa, au rudi kesho asubuhi. Injini iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi, hutoa moshi mwanzoni na hupiga kelele mpaka oili ipande juu. Ikishachemka, dalili kadhaa kati ya hizo hutulia, nawe unabaki kukagua rangi na stika.

Ninazozungumzia hapa ni pikipiki zilizojaa mitaani kwetu Tanzania: Boxer, TVS na za Kichina, zenye silinda moja na injini ya cc 125 hadi 150. Nyingi zimeshapiga bodaboda kabla hazijafika kwako. Hilo peke yake si kasoro, ila linakuonyesha pa kutazama: injini imeunguruma mchana kutwa, nyuma imebeba abiria na magunia, na mara nyingi aliyekuwa akiiendesha si mwenye jina kwenye kadi. Mambo mawili ya kwanza yanahusu bei. Hilo la tatu linahusu kama ununue au uondoke.

Kiki, moshi na kelele

Hata kama stata inafanya kazi, anza kwa kupiga kiki. Mguu wako unapima presha ya injini. Kwenye injini nzima kuna mahali kiki inakaidi, inakuwa nzito, kisha inavuka. Kiki ikishuka laini toka juu hadi chini bila upinzani, presha inavuja, ama kwenye ringi za pistoni ama kwenye valvu.

Ikiwaka, simama nyuma ya ekzosi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya muda mfupi ni unyevunyevu tu. Moshi mweusi wenye harufu ya petroli maana yake petroli inazidi hewa. Mara nyingi ni kabureta inayotaka kurekebishwa au chujio la hewa lililoziba, na hayo ni matengenezo ya kawaida. Moshi wa kuogopa ni wa bluu, wenye harufu ya oili iliyoungua. Ukitoka kwa muda mfupi baada ya kuwasha kisha ukakata, oili inapenya kwenye sili za valvu. Ukiendelea kutoka kila unapopiga resi, hata injini ikiwa na moto, ringi zimekwisha au silinda imelika. Hapo injini itafunguliwa, na gharama yake lazima iingie kwenye hesabu ya bei.

Sasa sikiliza. Mafundi wetu hutumia bisibisi ndefu: ncha wanaigusisha kwenye injini, mpini wanauweka sikioni, na sauti inakuja wazi kutoka mahali ilipo. Ifanye hivyo injini ikiwa haina resi, ukiwa mbali na cheni na tairi. Ukisikia tiki-tiki nyepesi juu kabisa, kwenye kichwa cha injini, hiyo kwa kawaida ni tapeti inayotaka kupimwa upya, kazi ndogo kwa fundi mwenye geji. Ukisikia mkwaruzo kama mnyororo unaoburuzwa ubavuni mwa silinda, ni cheni ya taimingi iliyolegea au kidude kinachoikaza kimechoka. Hiyo ni kazi ya wastani.

Sauti ya tatu ndiyo mbaya. Ni mgongo mzito, ko-ko-ko, unaotoka chini kwenye tumbo la injini, na unazidi ukipandisha resi. Huenda beringi ya konrodi imekwisha. Kuitengeneza ni kupasua injini nzima, na ukiendelea kuiendesha inaweza kukata njiani. Sauti hii haifichiki kwa moto. Mara nyingi huongezeka oili ikichemka na kuwa nyepesi, ndiyo maana unasikiliza mara mbili, mwanzo na baada ya kuizungusha. Kabla ya kuhukumu, bana klachi. Kelele ikibadilika au kutoweka, ubovu uko upande wa klachi na si kwenye konrodi.

Wapo wauzaji wanaotia oili nzito ili kuzima kelele kwa siku chache. Zima injini, chomoa kijiti cha oili, paka oili kidogo kwenye karatasi nyeupe na uinamishe juani. Weusi si tatizo, oili iliyotumika huwa nyeusi. Chembe zinazong'aa kama unga wa chuma ni tatizo. Rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Tazama pia maungio ya injini: gundi ya gasketi iliyofurika kandokando inakwambia injini imeshafunguliwa. Uliza ilifunguliwa lini, na kwa kazi gani. Muuzaji aliyeitengeneza vizuri hukuonyesha kwa furaha.

Fremu na mwendo

Kilomita kwenye dashibodi usizitegemee sana, kwa sababu waya wa spidomita hukatika na dashibodi nzima hubadilishwa. Vitu vinavyoshikwa kila siku husema zaidi: mpira wa kukanyagia, pedali ya breki, mishikio ya usukani. Dashibodi inayosoma kilomita elfu nane huku pedali ya breki imelika mpaka chuma kinang'aa haisemi ukweli.

Inua gurudumu la mbele, kisha zungusha usukani polepole toka kushoto hadi kulia. Ukikwama kidogo katikati, kana kwamba unaingia kwenye kitundu, beringi za shingo zimeliwa. Shika tairi la nyuma ulitikise kwa upande. Likicheza, ama beringi za gurudumu au bushi za mkono wa nyuma zimekwisha. Vuta cheni pale inapozunguka nyuma ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka hadi ukaona karibu nusu ya jino, cheni na sproketi vyote vinabadilishwa pamoja. Halafu chungulia chini ya siti, fremu inapoungana na keria. Pikipiki ya mizigo hupasuka hapo na kuunganishwa kwa weldi. Weldi ya keria si neno. Weldi ya fremu kuu, hasa karibu na shingo, ni sababu ya kuiacha.

Ukiiendesha, tafuta kilima. Resi ikipanda wakati mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Gia ikijitoa yenyewe unapokaza mafuta, gia ndani zimelika, na hiyo tena ni kupasua injini.

Namba shingoni, namba kwenye kadi

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipata Boxer 150 iliyomfurahisha. Iliwaka kwa kiki ya kwanza, moshi haukuwapo, tapeti tu ndizo zilizokuwa zikigonga. Fundi aliyekuja naye alimwambia aombe kupunguziwa gharama ya tapeti na ya cheni, basi. Muuzaji akakubali bila ubishi. Kisha fundi akachukua kitambaa chenye petroli, akafuta vumbi na grisi kwenye shingo ya fremu, akaanza kusoma namba ya chesisi kwa sauti huku kijana akiifuatisha kwenye nakala ya kadi.

Hivyo ndivyo inavyofanywa: herufi kwa herufi, si kwa kutupia jicho. Namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17. Kwa Bajaj za India inaanza na MD2, na kwa TVS inaanza na MD6. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa katika namba za aina hii, kwa hiyo ukiona mojawapo imegongwa pale, kuna mkono wa mtu. Pitisha kidole juu ya namba. Chuma kilichosagwa huwa kimebonyea au kina mikwaruzo ya msasa, na herufi zilizogongwa upya hazikai kwenye mstari mmoja. Namba ya injini nayo iko kwenye mwili wa injini, upande wa chini. Kama haifanani na ya kwenye kadi, injini imebadilishwa. Yawezekana ilibadilishwa kihalali, lakini mabadiliko hayo yanapaswa kuandikwa TRA kwanza na mwenye chombo, kabla wewe hujalipa.

Kwenye ile Boxer namba zote zilifanana. Kilichotofautiana ni jina. Kadi ilikuwa ya mtu mwingine, na mkononi kulikuwa na nakala tu. Muuzaji akaeleza kwamba aliendesha kwa mkataba, hesabu amemaliza, tajiri bado tu hajamkabidhi kadi. Kijana akasema, "Sawa kaka, mpigie tajiri wako aje tuandikishane wote." Tajiri alipopatikana kwenye simu, ikajulikana kwamba malipo ya miezi kadhaa yalikuwa bado. Pikipiki haikuwa ya kuuzwa na yule dereva. Kijana akaondoka na fedha zake.

Angelipa, angekuwa ameshika pikipiki nzuri ambayo mwenyewe angeweza kuifuata na polisi siku yoyote. Kwa hiyo injini mbovu hukupa nafasi ya kupunguziwa, lakini kadi yenye utata haina punguzo linaloifaa. Dai kadi halisi, si nakala wala picha ya simu. Jina liwe la mtu aliye mbele yako, na lifanane na kitambulisho chake cha NIDA. Akisema kadi imepotea na kukuonyesha karatasi ya polisi ya taarifa ya upotevu, hiyo inathibitisha tu kwamba taarifa ilitolewa. Mwenye jina aende TRA akapate kadi nyingine, ndipo mzungumze. Akisema kadi iko benki au kwa mkopeshaji, deni lilipwe mbele yako na kadi itoke. Mwenye kadi akiwa amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kaka na dada wote wameridhia.

Ingiza pia namba ya usajili, ile inayoanza na MC, kwenye mfumo wa polisi wa faini, tms.tpf.go.tz. Deni la faini likiwapo, lilipwe kabla ya mauziano au likatwe kwenye bei.

Mkikubaliana, andikeni mkataba kwa mwanasheria, ukitaja namba ya usajili, ya chesisi na ya injini, bei, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina kazi yake: ikitokea pikipiki ilihusika na ajali asubuhi nawe umeichukua jioni, mkataba unaonyesha ilikuwa mikononi mwa nani. Kila mmoja awe na TIN yake, na mpatane mapema nani atalipa ada na kodi ya kuhamisha umiliki. Usimruhusu muuzaji arudi kwao huku jina likiwa bado lake. Akishahama mkoa au kubadili laini ya simu, kumpata tena ni shida, na mbele ya TRA na polisi pikipiki inabaki yake. Bakiza sehemu ya fedha, uimalizie siku maombi ya kuhamisha umiliki yatakapokuwa yamewasilishwa na nyote wawili.