Piga Picha Kabla Hujagusa Kopo

Somo hili linatosha nusu saa, na vifaa vyake ni vichache: simu janja ya kawaida, tochi ndogo, rula, na kopo la maziwa ya unga ya mtoto ambalo tarehe yake imechezewa. Wanaolihitaji ni wakaguzi wa masoko, yaani maafisa afya na maafisa biashara wa halmashauri, pamoja na wakaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula na vipodozi. Lakini mama anayenunua kopo hilo naye ana haki ya kujua mkaguzi anatafuta nini na kwa nini anaanza na kamera badala ya kunyanyua bidhaa.

Nimechagua maziwa ya unga kwa sababu udanganyifu wake ni rahisi kuufanya na mgumu kuuona. Mzigo uliopitwa na wakati hununuliwa kwa bei ya kutupa. Tarehe iliyochapwa kwenye kitako cha kopo inafutwa kwa kitambaa chenye asetoni au tina ya rangi, kisha inagongwa tarehe mpya kwa muhuri wa mpira. Kopo lenyewe ni halisi, karatasi yake ni halisi, nembo ni halisi. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa wino, na mstari huo ndio mzazi anaoutegemea.

Sasa, mkaguzi anayekuta kopo la namna hii hulinyakua mara moja, hugeuza kitako juu na kupiga picha. Hapo tayari ameharibu nusu ya ushahidi wake. Kesi ikifika mbele ya hakimu miezi kadhaa baadaye, kopo litakuwa limeshafunguliwa maabara na meza ya sokoni itakuwa na mfanyabiashara mwingine. Wakili wa utetezi hataanza na tarehe. Atauliza kopo lilikuwa wapi, lilikuwa la nani, lilitoka kwenye katoni gani, na nani aliliweka hapo. Picha ya kitako peke yake haijibu hata swali moja kati ya hayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo inahusu mpangilio wa picha, kwa sababu simu ya bei nafuu iliyotumika kwa mpangilio mzuri inashinda simu ya gharama iliyotumika ovyo.

Mpangilio wenyewe unatoka mbali kwenda karibu. Picha ya kwanza ni ya karatasi: mkaguzi anaandika kwenye daftari tarehe, jina la soko, namba ya kizimba na namba ya jalada, kisha anapiga picha ya ukurasa huo. Kila kitakachofuata kwenye simu ni cha tukio hilo. Picha ya pili inapigwa akiwa amesimama hatua nne au tano nyuma, ikionyesha kizimba kizima pamoja na namba yake au kibao cha leseni. Ya tatu inasogea hadi kwenye rafu, kopo likionekana katikati ya bidhaa nyingine, palepale lilipo. Mpaka hapo hakuna mkono uliogusa kitu.

Na huo ndio wakati wa kuzungumza. “Shikamoo mama. Samahani, naomba tusiguse kitu kwanza, nipige picha, halafu tutaangalia pamoja.” Mfanyabiashara anayeelezwa hivyo hutulia kuliko yule anayeona mtu anazunguka na simu bila neno. Mara nyingi atajibu, “Mwanangu, haya si yangu, nimewekewa tu na mwenzangu.” Huenda ni kweli, huenda si kweli, na mkaguzi hapaswi kuamua palepale. Aandike maneno hayo kama yalivyosemwa, kisha apige picha ya sehemu ambayo wengi huisahau: sakafu chini ya meza na nyuma ya kizimba. Huko ndiko katoni zinakokaa.

Katoni ni muhimu kwa sababu anayefuta tarehe kwenye makopo kumi na mawili hakumbuki kila mara kufuta na iliyo kwenye katoni. Tuchukue mfano. Kitako cha kopo kinasema mwisho wa matumizi ni Agosti 2026. Katoni iliyo chini ya meza imechapwa Februari 2025, na namba ya toleo iliyo kwenye katoni ni ileile iliyo kwenye kopo. Kiwandani, makopo ya toleo moja hupewa tarehe moja. Kwa hiyo picha mbili tu, ya ubavu wa katoni na ya kitako cha kopo, namba zote mbili zikisomeka, zinaibua swali ambalo mwenye mzigo lazima alijibu. Picha bora zaidi ni ya tatu inayoviweka pamoja: kopo mbele ya katoni, namba mbili katika fremu moja.

Baada ya hapo mkaguzi anavaa glavu, anachukua kopo, na kulipiga pande zote: mbele, nyuma, ubavuni, mfuniko na kitako. Rula inalala kando ya kopo bila kufunika maandishi. Hapa ndipo mafunzo yanapaswa kupunguza mwendo, kwa kuwa kitako cha kopo ni bati linalong'aa na kamera nyingi hushindwa nalo.

Kosa la kwanza ni kusogeza simu karibu mno. Kamera kuu za simu nyingi hazishiki vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita kumi hivi. Herufi zinakuwa na ukungu, na mpigaji haoni hilo kwenye kioo kidogo chenye jua. Arudi nyuma hadi sentimita ishirini au ishirini na tano, avute picha mara mbili, aguse herufi kwenye kioo ili kamera izilenge, asubiri kidogo, ndipo apige. Lenzi ifutwe kwanza kwa kitambaa cha pamba, maana alama ya kidole yenye mafuta inatosha kuharibu kila kitu. Akimaliza, aikuze picha palepale na kusoma namba kwa sauti. Asipoweza kuisoma, anapiga nyingine.

Kosa la pili ni mwanga wa flashi. Flashi ikipiga bati moja kwa moja inarudi kama doa jeupe, na doa hilo hukaa hasa juu ya tarehe. Flashi izimwe. Mwenzake ashike tochi pembeni, karibu ilale sambamba na bati, mwanga ukitambaa juu yake. Mwanga wa namna hiyo huonyesha vitu ambavyo jua la mchana huvificha: mikwaruzo ya kitambaa iliyokwenda upande mmoja, sehemu iliyopoteza mng'ao kwa sababu ya kemikali, na wakati mwingine kivuli cha herufi za zamani chini ya zile mpya. Zipigwe picha mbili au tatu huku tochi ikizungushwa, maana kinachofichika upande mmoja huonekana upande mwingine.

Wino nao una habari zake. Mashine nyingi za kiwandani huchapa kwa kurusha matone, hivyo kila herufi ikikuzwa inaonekana ni vitone vilivyopangana, mara nyingi saba kwenda juu, vyenye nafasi sawa. Muhuri wa mpira huacha herufi nzima yenye kingo nene, wino ukiwa umejaa pembeni na kupungua katikati. Mstari wa namba ya toleo ukiwa wa vitone na mstari wa tarehe ukiwa wa muhuri, tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye picha nzuri. Lakini mkaguzi asikimbilie hukumu. Wapo waagizaji halali wanaoongeza maandishi au lebo kwa utaratibu unaokubalika, na ndiyo maana picha ya kopo la kulinganisha, lililopatikana kwa msambazaji rasmi na kupigwa kwa namna ileile, ina thamani kubwa kuliko maelezo marefu.

Kuna jambo la kuzima kabla ya kazi kuanza. Simu nyingi huja na vipengele vya kuremba uso, kung'arisha rangi au kunoa maandishi zenyewe. Vinapendeza kwenye harusi. Hapa vinampa wakili nafasi ya kusema kwamba herufi zimetengenezwa na simu. Vizimwe vyote. Saa ya simu iwekwe ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, kwa sababu kila picha hubeba ndani yake tarehe na saa, na kama ruhusa ya mahali imewashwa, hubeba pia eneo ilikopigwa.

Taarifa hizo za ndani ndizo zinazopotea kirahisi zaidi. Mkaguzi akimtumia mkuu wake picha kwa WhatsApp kama watu wanavyotumiana za familia, picha inapunguzwa ukubwa na taarifa hizo zinaondolewa. Kitone kilichoonekana kwenye simu yake kinageuka doa kwenye simu ya mkuu. Aitume kama faili, kwa njia ya “Document”, na ile ya asili ibaki palepale kwenye simu hadi inakiliwe ofisini. Mshale wa kuonyesha sehemu yenye shaka uchorwe kwenye nakala, kamwe si kwenye picha ya asili. Hata picha mbovu isifutwe. Baadhi ya simu huzipa picha namba zinazofuatana, na namba moja ikikosekana katikati, mtu atauliza ilikuwa na nini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime namna kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama imebaki bila kubadilishwa. Picha mbovu iliyobaki inamsaidia mkaguzi, iliyofutwa inamgharimu.

Ninasisitiza pia kitu ambacho baadhi ya mafunzo hupita haraka: nyuso. Mtoto wa muuzaji, mteja aliyesimama pembeni, muuzaji mwenyewe akiwa ameshika kichwa, hawahitajiki kwenye fremu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda, na picha ya mtu aliyeshukiwa tu ikisambaa kwenye makundi ya simu inaweza kumfungia biashara hata maabara ikija kusema maziwa hayana tatizo. Maana kamera ina mpaka. Inaonyesha lebo, wino, mahali na wakati. Haiwezi kupima kilichomo ndani ya kopo. Makopo yaliyofungwa yanawekewa lakiri mbele ya mwenye mzigo, namba ya lakiri inapigwa picha, fomu ya ukamataji iliyosainiwa inapigwa picha, na sampuli inakwenda maabara.

Dakika kumi za mwisho ni za vitendo. Wakaguzi wawiliwawili wanapewa kopo na katoni, wanafanya kazi yote tangu ukurasa wa daftari hadi lakiri, kisha kila mmoja anampa simu yake mtu wa kundi jingine. Huyo anatazama picha kwa kufuata mpangilio na kueleza kwa sauti kopo lilikuwa wapi, lilitoka katoni ipi, tarehe gani haikubaliani na ipi, na saa ngapi ilionekana. Mpigaji haruhusiwi kuongeza neno. Pale msomaji anapokwama na kuuliza, ndipo picha inayokosekana ilipo, na wawili hao wanarudi mezani kuipiga.