Mita Hairudi Nyuma: Jinsi Kinu cha Wafanyakazi Kilivyosahihishiwa Bili ya Umeme

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tuna mali ya pamoja kazini: duka la ushirika, kantini, ukumbi wa chama au kinu cha kusaga mahindi. Mali hizo hulipia umeme kwa bei ya biashara. Bili ikija na kosa, kosa hilo hutoka mfukoni mwa kila mwanachama. Katika ukurasa huu tunaeleza barua moja iliyoandikwa na kamati ya kinu katika shamba la chai, nyanda za juu za Kenya, mwaka 2023. Sisi wa chama tulikaa na kamati hiyo tukaiandika pamoja nao. Barua ilikuwa fupi, nayo ilifaulu kwa sababu ilitegemea jambo moja tu: mita nzima huhesabu kwenda mbele, wala hairudi nyuma.

Kinu chenyewe kina mota ya nguvu-farasi 20. Mota ya namna hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula uniti 16 hivi kwa saa. Kinu husaga saa tano kwa siku, siku sita kwa juma, na kwa miezi mingi bili yake ilikuwa kama uniti 2,000 kwa mwezi. Tarehe 9 Septemba ikaletwa bili ya Agosti yenye uniti 6,610. Chini yake paliandikwa kwamba isipolipwa hadi tarehe 25 umeme utakatwa. Fedha zilizokuwamo kwenye sanduku la kinu zilikuwa mishahara ya wasagaji watatu na akiba ya kununulia ukanda mpya. Wanachama wengine walitaka bei ya kusaga debe ipandishwe siku ileile ili deni lilipwe.

Jambo la kwanza tuliloomba ni kwamba mtu asiende ofisini kulalamika kwamba bili ni kubwa. Karani akiambiwa bili ni kubwa atajibu kwamba mmetumia sana, na hapo mazungumzo yamekwisha. Bili haipingwi kwa ukubwa wa fedha. Hupingwa kwa usomaji wa mita, maana fedha zote, pamoja na kodi na ada, hutokana na usomaji huo.

Kila bili ya mita ya kusomwa ina namba mbili: usomaji uliopita na usomaji wa sasa. Toa ya kwanza katika ya pili, utapata uniti. Bili ile ya Agosti ilionyesha usomaji uliopita 41,706 na usomaji wa sasa 48,316. Hesabu ya kutoa ilikuwa sawa kabisa. Basi ikiwa kuna kosa, lilikuwa katika moja ya namba hizo mbili.

Kwa bahati njema msagaji mkuu alikuwa na daftari. Kila mwisho wa mwezi, kinu kikishafungwa, huandika tarehe na namba za mita. Daftari lilionyesha hivi:

Tarehe 31 Mei: 37,586.
Tarehe 30 Juni: 39,624. Zimetumika uniti 2,038.
Tarehe 31 Julai: 41,706. Zimetumika uniti 2,082.
Tarehe 31 Agosti: 43,816. Zimetumika uniti 2,110.

Usomaji wa Julai katika daftari ni uleule wa kwenye bili. Lakini wa Agosti ni 43,816, na bili inasema 48,316. Tazama namba hizo mbili kwa makini. Ni tarakimu zilezile, ila 3 na 8 zimebadilishana nafasi. Watunza hesabu wanalijua kosa hili, na wana njia ya kulitambua: tarakimu mbili zikibadilishana, tofauti baina ya namba sahihi na namba ya kosa hugawanyika kwa 9 bila baki. Hapa tofauti ni 4,500, na 4,500 kwa 9 ni 500 kamili. Hiyo si hakika, maana makosa mengine pia yaweza kugawanyika hivyo, lakini inaonyesha mahali pa kutazama.

Hata hivyo daftari ni la mwenye kinu, na kampuni yaweza kusema mliandika mtakavyo. Hapo ndipo mita yenyewe ilipoitwa kuwa shahidi. Jumatatu tarehe 11 Septemba asubuhi, kabla ya kinu kufunguliwa, wanakamati wawili na karani wa shamba waliisoma mita. Ilionyesha 44,464. Fikiri maana yake. Kampuni inadai kwamba mita ilikuwa imefika 48,316 mwisho wa Agosti. Siku kumi na moja baadaye mita haijafika huko, imepungukiwa na uniti 3,852. Kwa kuwa mita hairudi nyuma, usomaji wa kwenye bili hauwezi kuwa kweli. Ubishi wa nani mkweli hauna nafasi tena, kwani yeyote anaweza kufika na kutazama.

Lakini ushahidi huu una muda wake. Kinu kilikuwa kikila uniti 80 hivi kwa kila siku ya kazi, kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba mita ingefika 48,316 na kuipita. Kuanzia siku hiyo mita isingesema lolote tena, na kamati ingebaki na daftari lake peke yake. Ndiyo maana twasema: bili ikikutia shaka, isome mita siku hiyohiyo. Piga picha moja inayoonyesha namba za uniti pamoja na nambari ya mita yenyewe, ile iliyopigwa chapa juu yake. Hakikisha nambari hiyo ndiyo iliyo kwenye bili, maana penye mita kadhaa ukutani huenda unalipia ya jirani. Na ikiwa mita yako ina tarakimu ya mwisho yenye rangi nyekundu au iliyotengwa kwa nukta, hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti. Usiihesabu pamoja na nyingine.

Barua iliyopelekwa ni hii. Nambari za akaunti na mita tumeziacha.

"Kwa Meneja, Idara ya Wateja. Tarehe 11 Septemba 2023.

KUH: KUSAHIHISHWA KWA BILI YA AGOSTI 2023, AKAUNTI NAMBARI ..., MITA NAMBARI ...

Bwana Meneja,

Bili iliyotajwa hapo juu inaonyesha usomaji wa sasa 48,316 na matumizi ya uniti 6,610. Usomaji huo si sahihi. Tarehe 31 Agosti mita ilionyesha 43,816, na leo tarehe 11 Septemba inaonyesha 44,464, yaani bado haijafika namba iliyo kwenye bili yenu. Tunaona kwamba tarakimu 3 na 8 zilibadilishana wakati wa kuandika. Matumizi ya Agosti ni uniti 2,110.

Tunaomba: (1) mtume mtu aisome mita mbele yetu kabla ya tarehe 25 Septemba, (2) bili ya Agosti ifutwe na itolewe nyingine yenye usomaji wa sasa 43,816, (3) umeme usikatwe wakati jambo hili likichunguzwa. Sehemu ya bili tusiyoipinga, yaani uniti 2,110, tunailipa leo.

Tumeambatisha nakala ya bili, nakala ya daftari la usomaji kuanzia Mei hadi Agosti, picha ya mita ya leo, na risiti ya malipo.

Wenu, Mwenyekiti na Mweka Hazina wa Kinu."

Ndugu msomaji ataona kwamba barua haina lawama wala maombi ya huruma. Inasema namba ipi si sahihi, sahihi ni ipi, na nini kifanywe. Ilipelekwa kwa mkono, nakala ya pili ikapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo huna njia ya kuonyesha baadaye kwamba ulilalamika kabla ya siku ya kukatiwa. Kulipa sehemu isiyopingwa nako kunaonyesha kwamba hukwepi deni, ingawa peke yake hakuzuii kukatiwa. Ndiyo sababu ya ombi la tatu.

Karani wa kwanza alijibu kwa maneno tu: lipeni yote, bili ya mwezi ujao itajirekebisha yenyewe. Jibu hili husikika mahali pengi, na lina ukweli nusu. Mita ikisomwa vizuri mwezi ujao na hesabu ikaanzia 48,316, uniti zilizozidi zitamezwa polepole. Lakini hadi hapo kinu kingekuwa kimeikopesha kampuni fedha za uniti 4,500. Na pale ambapo bei hupanda kadiri uniti zinavyozidi, uniti za kosa huhesabiwa kwa bei ya juu na tofauti hiyo hairudi. Kamati ilisimama juu ya barua yake.

Msomaji mita alikuja tarehe 19 Septemba na kukuta namba iko chini ya 45,200. Aliandika mwenyewe, akatia sahihi katika daftari la kinu. Bili mpya ya uniti 2,110 ilitolewa juma lililofuata na umeme haukukatwa. Bei ya kusaga haikupandishwa.

Kazi haikuishia hapo. Bili ya Septemba ilipofika, kamati ilitazama kwanza usomaji uliopita. Ilipasa uwe 43,816, na ndivyo ulivyokuwa. Hapa pana mtego. Ofisi ikirudisha usomaji hadi 43,816 lakini isifute deni la bili ya zamani, utalipia uniti zile 4,500 mara mbili: mara moja kwa kosa na mara ya pili zitakapotumika kweli. Bili ya zamani na usomaji wa mwezi unaofuata lazima visahihishwe pamoja.

Kwa wenzetu wa viwanda vikubwa tuongeze neno moja. Penye mita kubwa, tofauti ya usomaji huzidishwa kwa namba iliyoandikwa kwenye bili, kama 20 au 40. Linganisheni kwanza usomaji wenyewe na mita, kisha mtazame kama namba ya kuzidishia imebadilika ghafla.

Kampuni isipojibu barua, malalamiko hupelekwa kwa mdhibiti: Kenya ni EPRA, iliyo chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, Tanzania ni EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, Uganda ni ERA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Atauliza kwanza kama mliandikia kampuni, na lini. Nakala yenye muhuri ndiyo jibu.

Penye kinu, duka au kantini ya wafanyakazi, daftari la mita na lining'inie karibu na mita yenyewe, na jina la mwenye zamu ya kuisoma liandikwe kwenye jalada lake.