Kuchokozwa Si Kujikinga

Ndugu mkulima, watu wakigombania mpaka na mmoja akauawa, mshtakiwa husema, "Yeye ndiye aliyeanza." Jaji atataka kujua: alianza kukuudhi, au alianza kukushambulia? Haya ni mambo mawili mbalimbali.

Tuseme unapalilia mahindi. Jirani yako anakuja, anang'oa bikoni ya mpaka na kukutukana mbele ya watoto wako. Hapo hapo unampiga kwa jembe, naye anakufa. Maisha yako hayakuwa hatarini, kwa hiyo hukuwa na haki ya kuua. Lakini Kanuni za Adhabu, kifungu cha 207 na cha 208, zinakubali kwamba binadamu hushikwa na hasira. Ikiwa uchokozi ule ungeweza kumfanya mtu wa kawaida ashindwe kujizuia na kupiga kama ulivyopiga, nawe ulitenda kabla hasira haijapoa, kosa linashuka: si kuua kwa kusudi, bali kuua bila kukusudia. Hata hivyo kosa lipo, na kifungo chaweza kufika cha maisha. Kwa kuua kwa kusudi, adhabu ya juu ni kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2017 jaji halazimiki kuitoa.

Lakini ukienda nyumbani, ukala, ukanoa panga na kumrudia jirani jioni, uchokozi wa asubuhi hautakuokoa. Ulipata nafasi ya kupoa, nawe ukaitumia kujitayarisha.

Sasa tuseme jirani hakukutukana, bali amekuinulia panga akukate, nawe ukampiga kwa jembe akafa. Huku ni kujikinga. Sheria haikutaki ungoje mpaka ukatwe. Ikiwa hatari ilikuwa pale pale, na nguvu uliyotumia ilikuwa ya kadiri, huna kosa lolote, nawe utaachiliwa. Jaji anajua kwamba mtu aliye hatarini hawezi kupima pigo lake kama apimavyo mahindi kwenye mizani.

Lakini panga likimwanguka naye akakimbia, hatari imekwisha. Ukimfuata na kumpiga kisogoni, hujikingi tena, unalipa kisasi. Na ukijikinga kwa nguvu kupita kiasi, pengine kosa litashushwa liwe kuua bila kukusudia, lakini si lazima iwe hivyo.

Ikiwa jirani ameumia tu, tofauti yaonekana zaidi. Aliyejikinga hana kosa. Aliyechokozwa akapiga ana kosa. Hasira yake yaweza kupunguza adhabu tu.

Si kazi yako kuthibitisha kwamba ulijikinga au ulichokozwa. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuonyesha pasipo shaka kwamba sivyo. Lakini korti itatazama mambo yalivyofuatana: nani alishika nini, alikuwa umbali gani, na muda gani ulipita kabla ya pigo.