Yanayoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia

Kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya kurasa za tovuti hupokea maneno ambayo msomaji ameyachagua mwenyewe. Anayekiandikia ameshafika, ameangalia, na hajaona alichokijia. Ama kitu hicho hakimo, ama kimo lakini njia ya kukifikia imejificha, ama kimeandikwa kwa neno ambalo yeye halitumii. Kazi ya mwenye tovuti ni kutenganisha hali hizo tatu, maana kila moja ina dawa yake.

Maneno hayo hayajihifadhi mahali pa wazi. WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi za makala, haiweki orodha ya yaliyotafutwa mpaka iongezewe programu-jalizi ya kazi hiyo. Google Analytics huyanasa kama tukio la `view_search_results` na kuliweka neno lenyewe kwenye `search_term`. Hata bila vyote viwili, seva huwa na daftari lake. Utafutaji wa WordPress huenda kwa anwani yenye `?s=`, na kwa kawaida mstari wake kwenye daftari la seva huonekana hivi:

```
192.0.2.15 - - [12/May/2025:20:14:07 +0300] "GET /?s=kideri HTTP/1.1" 200 5312 "https://mfano.example/chanjo/" "Mozilla/5.0"
```

Mambo mawili katika mstari huu yanastahili kutazamwa kwa makini. Anwani iliyo karibu na mwisho ni ya ukurasa aliokuwapo msomaji alipoandika neno lake. Hapa alikuwa anasoma habari za chanjo. Namba 200 nayo isimdanganye mtu. Inasema tu kwamba ukurasa wa majibu ulifunguka, na WordPress hutoa namba hiyohiyo hata pale ukurasa unapomwambia msomaji kuwa hakuna kilichopatikana. Kujua kama alipata kitu, inabidi neno lake liandikwe upya kwenye kisanduku kilekile na majibu yatazamwe kwa macho.

Kuyahesabu maneno, amri moja inatosha:

```
grep -o 'GET /?s=[^ &]*' access.log | sort | uniq -c | sort -rn | head -50
```

Nafasi kati ya maneno itaonekana kama `+` au `%20`, na neno lililoanza kwa herufi kubwa litahesabiwa peke yake, kwa hiyo orodha huhitaji kusafishwa kidogo. Uchafu mkubwa zaidi ni wa roboti za matangazo, ambazo hujaza kisanduku anwani za tovuti nyingine na maneno ya lugha za mbali. Hizo zifutwe kwanza. Pia watu huandika humo namba zao za simu na majina yao, wakidhani wanamwandikia mtu. Mistari hiyo iondolewe kabla orodha haijapewa mtu mwingine yeyote.

Tuchukue mfano wa kutunga wa tovuti inayoeleza ufugaji wa kuku wa kienyeji. Baada ya kusafishwa, orodha ya mwezi mmoja ina utafutaji 240. Neno “kideri” limeandikwa mara 31, “magonjwa ya vifaranga” mara 18, “ratiba ya chanjo” mara 22, na “kuku kula mayai” mara 9. Yanayobaki yameandikwa mara moja moja au mbili mbili.

Tuanze na “kideri”. Likiandikwa upya, halileti kitu. Mtu mwenye haraka angesema makala haipo, akakaa kuiandika. Lakini tovuti inayo makala ndefu kuhusu ugonjwa huohuo, ila mwandishi wake aliuita mdondo toka mwanzo hadi mwisho. Majina yote mawili ni ya Kiswahili na yote hutumika kwa ugonjwa wa Newcastle. Tiba yake ni sentensi moja tu katika aya ya kwanza, na kichwa kinachobeba majina yote mawili. Uthibitisho umo kwenye daftari lenyewe: mistari ikipangwa kwa saa na kwa anwani ya kifaa, mara nyingine mtu yuleyule huonekana akiandika “kideri”, kisha “kidari”, kisha “ugonjwa wa kuku kuzungusha shingo”. Mfuatano kama huo una thamani kuliko hesabu yoyote, kwa sababu msomaji amejitungia mwenyewe orodha ya visawe.

“Magonjwa ya vifaranga” lina kisa kingine, na kinawahusu hasa wanaoandika kwa Kiswahili. Utafutaji wa kawaida wa WordPress hulinganisha herufi. Haujui kwamba wingi wa ugonjwa ni magonjwa, wala kwamba kifaranga na vifaranga ni jambo moja. Tena hutaka kila neno lililoandikwa lipatikane ndani ya makala. Makala inayosema “ugonjwa wa kifaranga” pekee haitatokea kamwe. Kwa baadhi ya majina mambo huenda upande mmoja tu: anayetafuta “banda” atapata penye “mabanda”, kwa kuwa herufi za banda zimo ndani yake, ila anayetafuta “mabanda” hatapata palipoandikwa “banda”. Kwa hiyo kila neno lisilo na majibu lijaribiwe kwa umoja na kwa wingi kabla ya kuhukumiwa kuwa ni pengo.

“Ratiba ya chanjo” linaleta majibu, tena jibu la kwanza ndilo sahihi. Shida iko wapi basi? Iko kwenye anwani ya mwisho wa mstari. Karibu wote waliliandika wakiwa ukurasa wa mbele, palipo na menyu, na ratiba imo ndani ya menyu hiyohiyo chini ya neno “Rasilimali”. Mfugaji hana sababu ya kufungua neno hilo akitafuta siku ya kuchanja. Kipengele kikiitwa “Ratiba ya chanjo” na kuwekwa wazi, utafutaji wa neno hilo unatakiwa kupungua huku wanaofungua ukurasa wenyewe wakiongezeka. Vyote viwili vitazamwe pamoja. Utafutaji ukipungua peke yake, huenda wasomaji wamekata tamaa tu.

Limebaki “kuku kula mayai”, na hapa ndipo pengo la kweli lilipo. Umoja, wingi, visawe, vyote vimejaribiwa na hakuna makala. Mara 9 ni chache, lakini aliyeandika maneno matatu yaliyonyooka hivyo ana tatizo bandani mwake leo. Wengi wao walitoka kwenye makala ya viota, jambo linaloonyesha hata kiungo cha makala mpya kitawekwa wapi.

Ndiyo maana orodha isiishie kwenye maneno 50 ya juu. Kwa tovuti ndogo, mistari yote ya mwezi husomeka kwa saa moja au mbili, na maombi yanayofanana hujificha chini kwa maneno tofauti: “kuku anadonoa yai lake”, “mayai yanaliwa na kuku”. Yakikusanywa pamoja, zile 9 zinaweza kufika 20.

Orodha hii ina upofu wake. Haimwonyeshi aliyeondoka bila kuandika kitu, wala yule ambaye hakukiona kisanduku kwenye skrini ndogo ya simu, ambako mara nyingi kimebanwa kuwa alama ya lenzi tu. Na ukurasa usiotafutwa kamwe unaweza kuwa unapatikana kwa urahisi, au hakuna anayejua kuwa upo. Hilo huamuliwa kwa hesabu ya wanaoufungua.